Oda moja, karatasi tatu: kisa cha kliniki ya meno

Daktari wa meno aliingia na mfuko, akaumwaga mezani kwangu. Kulikuwa na vipeperushi vya A5, brosha za A4 zilizokunjwa mara mbili zikawa kurasa sita, na kadi za miadi. Vyote vilitoka kwenye mashine moja ya dijitali, tena kwa kuvitazama juu juu vilipendeza: rangi imekolea, karatasi nzito, kila kitu kinang'aa. Alivilipia kwa pesa yake yote ya matangazo, na sasa hakuvitaka.

Malalamiko yake yalikuwa matatu. Vipeperushi vilikuwa 2,500 badala ya 4,000 alivyokusudia, kwa sababu pesa ziliisha. Brosha zilikuwa na usuli wa bluu iliyokolea, na kila mahali zilipokunjwa rangi ilikatika, ukabaki mstari mweupe wenye meno meno kutoka juu hadi chini. Kadi ndizo zilizomuudhi zaidi. Alichukua moja, akaigeuza upande wenye mistari ya tarehe na saa, akajaribu kuandika "Jumanne saa 4". Kalamu ya kawaida iliteleza bila kuacha wino. Ya jeli iliandika, lakini alipopitisha kidole gumba maneno yote yakageuka doa. Mhudumu wake wa mapokezi alikuwa ameanza kuwaandikia wagonjwa miadi kwenye vipande vya karatasi na kuvibana kwenye kadi kwa pini.

Nikamuuliza oda ilivyoandikwa. Akanionyesha: vipeperushi na brosha kwenye karatasi ya kung'aa ya gramu 170 kwa mita ya mraba, kadi kwenye gramu 350 ya kung'aa yenye laminesheni, yaani filamu ya plastiki, pande zote mbili. "Nilimwambia fundi nataka kitu kizito, kionekane cha maana," alisema. Fundi alimpa alichoomba. Ila hakuna aliyeuliza kila kipande kitafanywa nini kikishatoka kwenye mashine: kipi kitatupwa baada ya nusu dakika, kipi kitakunjwa, kipi kitaandikwa. Maswali hayo ndiyo yanayochagua karatasi. Idadi ya nakala ndiyo inayochagua mashine. Yeye alikuwa amechagua vyote viwili kwa kigezo kimoja cha uzito.

Mashine ipi kwa idadi ipi

Nilianza na vipeperushi, maana huko ndiko pesa ilikokwenda. Ili hesabu ieleweke popote, nitatumia kipimo kimoja: karatasi moja kubwa ya SRA3, yaani milimita 320 kwa 450, ikichapwa pande mbili kwa dijitali, tuihesabu kuwa pointi 1. Karatasi hiyo hutoa vipeperushi vinne vya A5 pamoja na ile rangi ya ziada inayokatwa pembeni. Hivyo vipeperushi 2,500 ni karatasi 625, pointi 625. Vipeperushi 4,000 vingekuwa pointi 1,000. Dijitali haina pleti, yaani mabamba yenye picha ya kuchapwa, wala maandalizi marefu, kwa hiyo karatasi ya kwanza na ya elfu moja hugharimu karibu sawa. Hiyo ndiyo raha yake kwenye kazi ndogo, na ndiyo inayoumiza kwenye kazi kubwa.

Ofseti, mashine inayochapa kwa wino kupitia pleti hizo, hufanya kinyume. Kabla ya nakala moja nzuri kutoka, unalipia pleti nne za rangi kwa kila upande, muda wa kuseti mashine, na karatasi zinazoharibika wakati fundi anasawazisha wino. Baada ya hapo kila karatasi ni rahisi. Bei ya kwanza tuliyopewa ilikuwa pointi 400 za maandalizi na pointi 0.25 kwa kila karatasi. Kwa karatasi 1,000 jumla ikawa 650, tayari chini ya 1,000 za dijitali.

Lakini hizo 400 zilikuwa za pleti nane, na kazi hii haikuhitaji nane. Nilimwomba fundi wa ofseti apange pande mbili za mbele na pande mbili za nyuma kwenye pleti zile zile. Karatasi hupita mara ya kwanza, rundo lote hugeuzwa, hupita tena kwenye pleti zile zile, na mbele ya kila kipeperushi huangukia mgongo wa nyuma yake. Ukikata, unapata vinne kamili kama kawaida. Idadi ya mizunguko ya mashine haikuongezeka hata mmoja, ila pleti zilipungua kutoka nane hadi nne na mashine ikasetiwa mara moja tu. Maandalizi yakashuka hadi pointi 250, na vipeperushi 4,000 vikawa pointi 500. Mteja akiwa na kazi ndogo ya pande mbili, ombi hili ni la kutoa kabla ya kubishania bei, kwa sababu wachapaji wengine hawalifanyi mpaka waambiwe.

Sasa unaweza kuona mashine hizi zinapokutana. Dijitali inagharimu 1 kwa karatasi, ofseti 0.25, tofauti ni 0.75. Gawanya 250 kwa 0.75 upate karatasi 333, yaani vipeperushi 1,330 hivi. Chini ya hapo dijitali ni nafuu, juu ya hapo ofseti. Kwa bei ya pleti nane mpaka huo ungesogea hadi vipeperushi 2,130. Namba hizi ni za kazi hii na wachapaji hawa. Kwako zitakuwa nyingine. Namna ya kuzipata ni kuomba bei ya ofseti kwa idadi mbili, tuseme nakala 1,000 na nakala 2,000 za kitu kile kile. Tofauti ya bei hizo ni gharama ya kila elfu ya ziada. Itoe kwenye bei ya elfu ya kwanza, kinachobaki ni maandalizi. Kwetu bei zilikuwa pointi 312 na 375: elfu ya ziada ni kama 62, na maandalizi yanatokea pale pale kwenye 250 hata kama mchapaji hajayataja.

Kwa mpaka huo huo, brosha 500 zilikuwa karatasi 250 tu, maana karatasi moja hutoa mbili. Zikabaki dijitali. Kadi 400 hazikuhitaji hata kufikiriwa: kadi ya milimita 90 kwa 55 huingia 21 kwenye karatasi moja, hivyo ni karatasi 20.

Gramu za vipeperushi

Kuna jambo ambalo wateja wengi hawaambiwi. Kwenye dijitali, sehemu kubwa ya bei ni mashine yenyewe kupita juu ya karatasi, kwa hiyo kushuka kutoka gramu 170 hadi 115 hakukuokolei kitu cha kuhesabika. Kwenye ofseti, maandalizi yakishalipwa, kinacholiwa ni karatasi, na karatasi huuzwa kwa uzito. Karatasi 1,000 za SRA3 ni mita za mraba 144. Kwa gramu 170 ni kilo 24 na nusu, kwa gramu 115 ni kilo 16 na nusu. Theluthi ya karatasi imeondoka, na kadiri idadi inavyopanda ndivyo theluthi hiyo inavyoonekana kwenye bei.

Daktari hakupenda kusikia habari ya gramu 115. Nikampa kipeperushi cha uzito huo na cha gramu 170 bila kumwambia kipi ni kipi, nikamwomba avipokee kama mtu anayepita njiani. Alivipokea, akasoma, akanirudishia, na hakuweza kusema. Kipeperushi cha A5 cha gramu 115 ni kama gramu tatu na nusu mkononi, kile kingine gramu tano na kidogo. Mtu anayekunja kipeperushi na kukitia mfukoni hapimi tofauti hiyo.

Anachokiona ni rangi ya upande wa pili ikipenya, na hapo gramu 115 ina mpaka wake. Kwenye dizaini ya kwanza nyuma ya aya za bei kulikuwa na picha kubwa yenye kiti cheusi. Tuliweka sampuli juu ya karatasi yenye mistari mizito myeusi: mistari ilionekana kwa mbali. Badala ya kupandisha uzito tukahamisha aya, maeneo yenye wino mwingi yakakutana mgongo kwa mgongo na maandishi yakapata nyuma yake nyeupe. Kama dizaini ingekataa kusogezwa, ningepanda hadi gramu 130 na kulipa tofauti. Chini ya 115, kwa kipeperushi cha pande mbili chenye picha, mimi siendi.

Tuliacha karatasi ya kung'aa hapa, kwa sababu picha za meno zilihitaji ukali wake. Tulimwachia pia fundi wa ofseti siku nzima kabla ya kukata. Wino wa ofseti hukauka taratibu, na rundo likibanwa kwenye mashine ya kukatia likiwa bado bichi, rangi ya karatasi moja hujichapa hafifu mgongoni mwa inayofuata. Mteja hudhani ni uchafu wa mashine, kumbe ni haraka yake mwenyewe.

Brosha iliyokatika rangi

Tona ya dijitali haizami kwenye karatasi kama wino. Ni unga wa plastiki unaoyeyushwa kwa joto na kushikana juu, kama ganda jembamba. Karatasi ya kung'aa nayo ina ganda lake la upakaji. Ukiikunja, upande wa nje wa mkunjo unavutwa, na kadiri karatasi inavyokuwa nene ndivyo unavyovutwa zaidi. Maganda yote mawili yanapasuka, weupe wa ndani unachungulia. Kwenye usuli mweupe hakuna atakayegundua. Kwenye bluu ya daktari ulionekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Kwa hiyo tulibadilisha vitu vitatu. Uzito ulishuka hadi gramu 150. Karatasi ikawa ile iliyopakwa lakini haing'ai, ambayo wachapaji huiita mati, ili maandishi ya brosha yasomeke chini ya taa za mapokezi bila mng'ao kumpiga msomaji machoni. Na kila brosha ilipigwa mstari kwa chuma butu kabla ya kukunjwa. Mstari huo hulaza nyuzi za karatasi pahali pa mkunjo, karatasi ikapinda kwa bawaba badala ya kuvunjika. Wengi hudhani mstari ni wa kadi nene tu. Kwenye dijitali yenye rangi nzito mimi huudai hata kwenye gramu 150.

Nilidhani hayo yametosha. Fundi alitoa brosha kumi za majaribio, nikakunja ya kwanza, na weupe ukatokea tena. Mdogo kuliko wa mwanzo, lakini ulikuwepo. Nikachukua karatasi tupu kutoka kwenye rundo lile lile, nikaichana kwa urefu, kisha nikachana nyingine kwa upana. Ya upana ilichanika imenyooka karibu kama imekatwa kwa rula. Ya urefu ilienda kombo. Karatasi huchanika imenyooka pale inapofuata nyuzi zake, kwa hiyo nyuzi za rundo lile zililala kwa upana wa SRA3, na mikunjo yetu ilikuwa inazikata katikati.

Brosha ya A4 ya kurasa sita hukunjwa sambamba na ubavu wake mfupi, ule wa milimita 210. Zikipangwa mbili kwenye SRA3, ubavu huo hulala upande wa milimita 450. Ili mkunjo ufuate nyuzi, nyuzi lazima ziende kwa urefu wa karatasi. Fundi hakubisha, alikuwa na pakiti nyingine ya gramu 150 yenye nyuzi za urefu, aina ile ile. Brosha kumi za pili zilikunjwa safi. Nilizikunja na kuzikunjua mara tano kila moja, na weupe ulianza kuonekana kwenye mara ya nne kwa mbali sana. Kwa kitu kinachofunguliwa mara mbili au tatu nyumbani, hilo niliridhika nalo. Kama brosha ingekuwa ya kufunguliwa kila siku, ningemwambia daktari aondoe rangi nzito kwenye mikunjo, kwa sababu hakuna karatasi itakayoshinda tona daima.

Jambo dogo la dizaini lilirekebishwa hapo hapo. Ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za milimita 99 sawa sawa, na ule ukurasa unaoingia ndani ulijibana na kujipinda ukingoni. Tukagawa milimita 297 kuwa 100, 100 na 97, wa 97 ndio unaoingia ndani.

Kadi ya kuandikwa

Daktari alitaka laminesheni ibaki. Alipendekeza tuiweke upande wa mbele tu, nyuma ibaki wazi kwa kalamu. Lilikuwa wazo la busara na lina tatizo moja: upande usio na filamu hunyonya unyevu wa hewa na kutanuka, upande wenye filamu hautanuki, na baada ya siku kadhaa kadi inapinda kuelekea kwenye filamu. Kadi iliyopinda haikai vizuri kwenye pochi wala kwenye kasha la mapokezi.

Nikampa kadi mbili tupu, moja ya gramu 350 ya kung'aa, nyingine ya gramu 300 isiyopakwa kitu. Nikamuuliza ipi ni nene. Akazipinda, akazigonga ukingoni mwa meza, akaninyooshea ya gramu 300. Kipimo kilisema vivyo hivyo: ya kung'aa ilikuwa na unene wa milimita 0.29, isiyopakwa milimita 0.37. Gramu ni uzito, na karatasi ya kung'aa imeshindiliwa na kupakwa madini mazito, hivyo kwa uzito ule ule hutoka nyembamba. Kile alichokuwa anakiita kitu kizito kilikuwa unene na ukakamavu mkononi. Alikipata kwa gramu pungufu, na kwa karatasi inayokubali kalamu.

Ila hata karatasi isiyopakwa hukataa kalamu pale ilipofunikwa na tona, kwa hiyo mistari ya tarehe ilibaki kwenye weupe mtupu, bila ile bluu hafifu iliyokuwa chini yake. Jaribio lilikuwa lile lile la kwanza: andika, hesabu hadi kumi, pitisha kidole gumba. Safari hii maandishi yalibaki. Nilimwambia pia gharama yake waziwazi. Bila laminesheni, kingo zitachafuka baada ya wiki kadhaa mfukoni. Kadi ya miadi huishi mpaka siku ya miadi, na hilo alilikubali bila shida. Kwa kadi yake binafsi ya kuwapa wenzake, ambayo haiandikwi na hukaa miaka, laminesheni pande zote mbili ingebaki chaguo langu.

Tatizo ambalo hatukulimaliza ni bluu. Kwenye kipeperushi cha ofseti kinachong'aa ilitoka changamfu, kwenye brosha ya mati ikatulia, kwenye kadi isiyopakwa ikafifia kabisa. Tulipunguza tofauti kwa kuchapa majaribio kwenye karatasi halisi za kazi na kuongeza rangi kidogo kwenye faili la kadi, lakini hazikufanana. Ukiziweka pamoja chini ya dirisha utaona. Daktari aliziweka pamoja, akaziona, akasema wagonjwa wake hawatapokea zote tatu kwa siku moja.

Jumla ya oda ya kwanza ilikuwa pointi 945: vipeperushi 625, brosha 250 na 30 za kukunja, kadi 40. Ya pili ikawa 835: vipeperushi 500, brosha 250 na 55 za mistari na kukunja, kadi 30. Vipeperushi vilikuwa 4,000 badala ya 2,500.

Kabla hajalipa aliniuliza kwa nini asichape brosha 1,000 kwa ofseti, maana alikuwa amefuata hesabu na kuona kila moja ingeshuka kutoka pointi 0.5 hadi chini ya 0.4. Alikuwa sahihi. Lakini jumla ingepanda kwa pointi zaidi ya 120 kabla ya kukunja, na ndani ya brosha kulikuwa na orodha ya bei. Nilimuuliza bei zake hukaa muda gani bila kubadilika. Akafikiri, akasema nusu mwaka. Mapokezi yalikuwa yanatoa brosha kama 80 kwa mwezi. Akabaki na 500. Mwezi wa saba tangu oda hiyo alinipigia kwamba bei mbili zimebadilika na amebakiwa na brosha chini ya ishirini, akaagiza 400 kwa faili lililorekebishwa, karatasi ile ile, nyuzi za urefu.